Kapungua kwenye bodaboda

Saa sita usiku hii na sina usingizi, na sababu ni samaki. Naandika labda itatoka kichwani.

Jumanne ilikuwa samaki wa kupaka. Nikaweka stetasi kama kawaida, picha, bei 7,000 na wali wa nazi, mchicha, kachumbari, oda mwisho saa nne na nusu. Akaja yule kaka wa Posta wa ghorofa ya nne (yule anayependa ukoko, nilishamwandika humu), kaandika:

"Dada samahani, hii picha ya leo?"

Na mimi bila hata kufikiri, mkono mmoja una nazi mwingine una simu, nikamjibu:

"Ndiyo kaka, ya leo."

Haikuwa ya leo jamani. Ilikuwa ya mwezi wa pili.

Saa saba kasoro ananitumia picha mbili kaziunganisha, juu stetasi yangu, samaki changu kajaa sahani mpaka mkia unatoka nje, chini boksi lake kalifungua mezani, changu kajilaza pembeni ya wali kama mgeni asiyejua akae wapi. Na maneno:

"Basi kapungua kwenye bodaboda."

Na vikaragosi vitatu vinavyocheka. Vitatu! Kimoja ningesema utani. Nilikaa na ile simu mpaka Zuhura akaniuliza dada kuna msiba? Nikaandika nikafuta, nikaandika nikafuta, mwisho nikamtumia "samahani kaka 🙏" na yeye akaweka dole gumba tu. Tangu hapo kila nikiinama kwenye mbuzi naisikia, kapungua kwenye bodaboda, kapungua kwenye bodaboda, na sauti yake wala siijui, hatujawahi kuongea kwa simu.

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo makubwa, wifi kajifungua mapacha Jumatano na mwenye nyumba kaleta barua ya kodi mpya, lakini mimi niko na samaki.

Kinachoniuma siyo udogo wa yule changu. Kinachoniuma ni ile "ndiyo kaka". Angeniuliza tu mbona mdogo ningekuwa na la kusema, kwa sababu la kusema lipo. Sasa hivi ni kusi, msimu wa upepo wa kusini. Mwezi wa pili bahari imetulia, wavuvi wanaenda mbali kwenye miamba, ukifika soko la samaki Feri saa kumi na mbili asubuhi unachagua changu wa nusu kilo mpaka unaringa. Julai upepo unavuma, vyombo vidogo vingine havitoki kabisa, vinavyotoka haviendi mbali, na kinachopigwa mnada ni hivi vya ukubwa wa kiganja. Jumanne nilipata fungu la changu 14 kwa 56,000, yaani 4,000 kila mmoja. Hela ileile niliyotoa mwezi wa pili, ila mwezi wa pili ilikuwa inaninunulia samaki mwingine kabisa. Na ukishamtoa magamba na matumbo, ukamchanja, akakaa juu ya mkaa akakauka, anazidi kurudi ndani. Kwa hiyo kaka hakukosea kuhusu kupungua, kakosea mahali tu.

Nilipiga hesabu nyuma ya barua ya kodi. Samaki 4,000. Wali, kilo ya Kyela naipata 3,200 inatoka sahani saba, weka 450. Nazi moja 1,200 naitegemea kwa sahani tatu, tui la wali na tui la kupaka humohumo, kwa hiyo 400. Mchicha, kachumbari na viungo 350. Mkaa 200. Boksi na mfuko 400. Jumla 5,800. Nabaki na 1,200 kwenye sahani ya 7,000, na humo Zuhura hajala, gesi ya wali haijalipwa. Ningenunua changu wa ile picha kwa bei ya kusi ningekuwa nawalipia watu wa Posta chakula cha mchana. Lakini nani kayaona hayo? Yeye kaona picha.

Sasa kwa nini naweka picha ya zamani, hapo ndipo nilipokaa siku mbili. Watu wa ofisini wanaamua watakula nini kati ya saa tatu na nusu na saa nne na kidogo. Ukiweka stetasi saa tano umewakuta wameshachangishana wameagiza kwingine. Mimi natoka Feri saa moja, nafika Ilala, kusafisha, kupaka tangawizi na kitunguu saumu na ndimu, akae kidogo aingie, halafu jikoni. Tui la kupaka lenyewe halitaki haraka, unalikoroga bila kuacha mpaka lizito, ukiliacha lichemke peke yake linakatika, mafuta juu maji chini, na tui likishakatika hata umwagie ndimu ya shamba zima halirudi. Sahani ya kwanza inayoweza kupigwa picha inatoka saa tano na robo. Bodaboda anaondoka saa sita kasoro robo. Yaani chakula chenye picha ya leo hakipo wakati tangazo linatakiwa liwepo. Ndiyo kila mtu anachimba picha za zamani kwenye simu, na wengine hata siyo chakula chao, wanachukua mtandaoni, unaona kabisa sahani ina limao limekatwa kwa mtindo ambao hapa mtaani hakuna mtu ana muda nao.

Baba Nasra akasema andika chini "picha ni mfano". Nikajaribu Jumatano, makange ya kuku. Oda zikashuka, sita tu. Ukimwambia mtu picha ni mfano umemwambia mapema kwamba ataonewa.

Leo Alhamisi asubuhi pale Feri, nimesimama na ndoo, ndiyo nikajiambia si nimpige picha huyuhuyu. Mbichi. Nikarudi, nikawapanga kwenye sinia, wameshaoshwa, na mkono wangu nikauweka pembeni uonekane ukubwa. Nikaandika hivi:

LEO ALHAMISI
Samaki wa kupaka + wali wa nazi + mchicha + kachumbari
Changu mzima MDOGO, kama mkono huu: 7,000 (wapo 9)
Kipande cha kolekole, kinene: 8,000 (vipo 11)
Picha ni ya saa 2:40 leo asubuhi
Oda mwisho saa 4:30. Andika: jina, jengo, ghorofa, changu au kolekole
Posta na Kivukoni kuletewa 500, boda wa pamoja anatoka 5:45
Ukichelewa, boda wako mwenyewe 3,000

Lile neno MDOGO Zuhura alinikatalia kabisa. Dada nani anatangaza udogo? Nikamwambia acha.

Kolekole nilimwongeza kwa sababu kwenye kusi ndiye anayeniokoa. Wa kilo nne nilimpata kwa 48,000, anatoa vipande 11 vinavyolingana, hakuna wa kusema mwenzangu kapewa mkubwa, na kichwa naweka supu ya jioni. Kipande kinaniangukia kama 4,400, mengine yaleyale 1,800, kwenye 8,000 napata afadhali kuliko kwa changu. Tatizo lake ni kukauka, kipande kinene ukikigeuzageuza nje kinaungua ndani kibichi, kwa hiyo moto wa taratibu na kupaka tui mara tatu, siyo mara moja.

Na namba kwenye mabano, wapo 9, zinafanya kazi ambayo sikuitegemea. Zamani nikipokea oda ya 16 na samaki ni 14 nilikuwa naanza kuomba radhi saa sita, mtu ana njaa. Sasa changu wakifika tisa nafuta ile stetasi naweka nyingine, changu wameisha, kolekole vimebaki vinne. Vitatu kati yake viliondoka ndani ya dakika kumi, watu hawapendi kusikia kimeisha.

Ghorofa pia msicheke, kuna siku boda alizunguka jengo moja dakika ishirini anatafuta "Asha wa juu".

Sasa yule kaka. Saa tatu na dakika hamsini naona katazama stetasi. Moyo ukafanya paa. Hakuandika kitu. Nikasema basi, huyo keshaniacha, kaja kuona kama bado nadanganya. Nikaenda kukuna nazi kwa hasira mpaka kidole kikaguswa na mbuzi. Saa nne na robo simu ikalia:

"Dada huo mkono ni wa leo, una manjano. Changu wawili, ghorofa ya 4. Mmoja wa bosi, usimpunguze njiani."

Nilicheka peke yangu pale kwenye mkaa kama chizi. Nikamjibu "bosi atakula mdogo kama wewe kaka, kusi hii", akauliza kusi ndiyo nini, nikamwandikia maelezo marefu yote haya ya upepo na miamba, kayasoma yote, kanijibu "kumbe". Kumbe tu! Lakini ni kumbe nzuri. Na ukoko niliwawekea.

Leo nilifunga changu wote tisa na kolekole kumi, cha kumi na moja kakila Nasra akitoka shule. Kwa siku ya kusi siyo haba.

Ila bado ile ya Jumanne sijaimaliza. Sikumwambia kwamba nilimdanganya. Yeye anajua, mimi najua anajua, tumeirukia kwa utani. Leo nilitaka kumwandikia kaka ile picha ya Jumanne ilikuwa ya mwezi wa pili, nikaona nitaonekana nimechanganyikiwa, siku zimeshapita, mtu keshashiba. Picha yenyewe nimeifuta kwenye simu. Ilikuwa nzuri sana lakini, yule changu, tui limemetameta.

Halafu wale mnaosema hamuoni stetasi zangu, ni kwa sababu hamjasevu namba, ni lazima wewe uwe na yangu na mimi niwe na yako, nimeshaeleza hili mpaka nimechoka. Kesho ni Ijumaa, pilau, hakuna cha kupima na mkono.

Nilimpigia mama Tanga jioni kumwambia habari ya mapacha. Akafurahi, akauliza majina, akauliza uzito, akaniombea. Ila kaniita Mwanahamisi mara mbili. Mwanahamisi ni dada yake, tulimzika 2011. Ya kwanza nilidhani ulimi umeteleza. Ya pili alikuwa anasubiri nimjibu.