Siku moja maishani mwangu: nauza magauni mtandaoni, nalipwa mlangoni

Saa 12 asubuhi. Kabla ya chai nasoma oda za usiku. Leo ni tano: Kinondoni mbili, Goba moja, Chamazi moja, Mwanza moja. Watu wanadhani kazi yangu ni kupiga picha gauni kwenye hanga na kupokea hela. Kazi yangu kubwa ni kuamua mzigo upi uende kwa njia gani, na nani alipe kabla na nani alipe akishika.

Mwanza hainisumbui. Mkoani hakuna "nalipa nikipokea" kwangu. Kondakta wa basi ana abiria wake na mizigo yake, hawezi kunikusanyia pesa. Mteja analipa gauni lote kwanza, mimi napeleka mzigo stendi ya Magufuli, Mbezi, na risiti ya mzigo naipiga picha pamoja na namba ya basi na simu ya ofisi yao. Namba ya mpokeaji naiandika kwa maka pen kwenye mfuko wenyewe, siyo kwenye karatasi ya kubandika, maana karatasi hubanduka njiani.

Ndani ya Dar ni boda, na hapo kuna sheria yangu moja: nauli kwanza, gauni mlangoni. Gauni nalinunua Kariakoo 22,000, nauza 35,000, kwa hiyo nabaki na 13,000. Mteja akikataa mzigo mlangoni, boda anadai nauli ya kwenda na ya kurudi, na faida ya gauni jingine nililouza kwa jasho inaondoka nayo. Aliyelipa nauli 4,000 au 5,000 mapema hapotei hewani, na akipotea basi angalau boda wangu kalipwa.

Saa 3 Kinondoni zote mbili zimeshafika, zimelipwa Lipa Namba, yamekwisha. Mwanza nikaipeleka mwenyewe.

Chamazi sasa.

Huyu dada aliagiza magauni matatu kwa mpigo. Nikaona aibu kumdai nauli mtu wa 105,000. Tukakubaliana atalipa vyote pamoja mlangoni, na 10,000 ya boda juu. Kosa ni langu, nalijua.

Saa 6 mchana kijana wangu wa boda anapiga: "Dada, nimefika, hapokei." Nikapiga mimi. Ikaita, ikakata. Nikatuma meseji, ikasomwa. Baada ya robo saa akajibu kwamba yuko njiani anarudi. Boda akakaa chini ya mwembe wa jirani. Saa 7 na kitu dada akatokea, akaomba ayajaribu. Aingie nayo yote matatu? Nikamwambia boda ampe moja moja, la pili litoke likirudi la kwanza. Hilo nililijifunza mwaka jana kwa gauni lililoingia ndani ya geti lisitoke.

Akapenda moja tu. Mawili yakarudi, la kijani likiwa na poda shingoni. Nauli akagoma, eti nimemletea nguo ndogo, wakati vipimo alinitumia mwenyewe.

Kisha boda akanipigia tena, sauti imechangamka: "Kashalipa bosi, kanionyesha meseji, 35,000. Nimwachie?"

"Soma jina la aliyepokea."

Kimya. Akasoma. Lilikuwa jina la mwanaume nisiyemjua, siyo jina la biashara yangu. Nikaangalia salio: halijaongezeka hata shilingi. Labda alikosea namba, labda ni meseji ya zamani, sitaki kumsingizia. Ninachojua ni kwamba meseji iliyo kwenye simu ya mteja siyo malipo. Malipo ni ile inayoingia kwenye simu yangu, na mzigo hauachiwi mpaka niseme neno. Nikamwomba boda ashike gauni, asibishane, akae tu. Mtandao ukasumbua, chaji ikaisha, mdogo wake akaitwa. Dakika ishirini na kitu baadaye 35,000 ikaingia kutoka namba nyingine.

Boda alirudi jua limeshaanza kulegea, amechoka kuliko mimi. Nikampa 15,000, kwenda na kurudi, na maji ya baridi. Kwa hesabu ya haraka, 13,000 ya faida toa 15,000. Nimelipa 2,000 ili mtu avae gauni langu. Na muda wote huo Goba haikuenda, kwa sababu boda ninayemwamini ni huyo mmoja.

Usiku sijui saa ngapi, nasugua shingo ya lile la kijani kwa sabuni ya kipande, taratibu nisipauze rangi. Poda inatoka, ila mstari mwembamba umegoma kwenye mshono. Simu ikawaka. Ni yule wa Goba, anauliza mbona mzigo haujafika, na kwamba kesho nikimletea atalipa vyote akishapokea. Nikakausha mikono, nikamwomba radhi kwa kuchelewa, nikamtumia Lipa Namba na nauli: 5,000.

Ameshasoma. Bado hajajibu.