Ile pinki ya peremende ni mdudu

Jana Ngamiani nilikuwa dukani na jirani yangu, mama wa Kihindi asiyekula nyama kabisa, anatafuta peremende za bethidei ya mjukuu. Kashika pakti ya zile pinki zinazong'aa, akaniambia mwanangu hebu nisomee hivi viherufi, miwani nimeacha nyumbani. Nikasoma sukari, glukosi, jelatini hakuna, akafurahi, mbele kidogo nakuta E120.

Jamani E120 ni karmini. Ni vidudu vidogo vinaitwa kochinili, vinakaa kwenye mimea ya kaktasi, vingi vinatoka Peru, wanachukua majike wanayakausha na kuyasaga, kisha rangi inachujwa kwa maji na kutiwa chumvi ya aluminiamu ndo inakolea nyekundu. Viwanda vinaipenda maana haipauki ovyo kwa joto na mwanga kama rangi ya bitiruti, ambayo ni E162 na haina mnyama. Na kwenye pakti wanaweza kuandika "rangi asilia" bila kudanganya, si mdudu naye ni asilia 😂

Sasa pale pale kuna pakti nyingine imeandikwa E124, hiyo nayo huitwa kochinili nyekundu A, ukisikia kochinili unajua mdudu tena, kumbe hiyo ni ya kutengenezwa maabara, mdudu hayumo. Kwa hiyo angalia namba, jina litakuchanganya.

Mama akachukua hiyo ya E124, nikamwambia subiri bibi, mwishoni kuna E904, huo mng'ao ni shelaki, utomvu wa mdudu mwingine anayekaa mitini huko kwenu India. Akairudisha, akanunua kashata.