Bei ya opsheni ya kuuza ya Kimarekani kwenye mti wa hatua nne, na jinsi ninavyozitambua nodi za kutekeleza mapema

Opsheni ya kuuza inampa mwenye nayo haki ya kuuza hisa kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba. Ikiwa ya Kiulaya, haki hiyo inatumika siku ya mwisho tu. Ikiwa ya Kimarekani, siku yoyote hadi siku hiyo ya mwisho. Opsheni za hisa za kampuni moja moja katika masoko ya Marekani kwa kawaida ni za Kimarekani, kwa hiyo swali la "nitekeleze sasa au nisubiri?" halikwepeki.

Mfano ninaoutumia ni mdogo kwa makusudi, utoshe kuukokotoa kwa kikokotoo cha mkononi. Hisa iko dola 100, na bei ya mkataba ni dola 100 pia. Muda ni mwaka mmoja uliogawanywa katika hatua nne za miezi mitatu. Kila hatua hisa inapanda kwa kuzidishwa na 1.1 au inashuka kwa kugawanywa na 1.1, na riba ni asilimia 1 kwa hatua. Matawi haya ya bei ndiyo mti, na kila bei katika hatua fulani ni nodi. Hakuna gawio.

Uzito wa tawi la kupanda, p, ni (1.01 − 0.9091) ÷ (1.1 − 0.9091), yaani 0.5286. La kushuka linabaki na 0.4714. Huu si utabiri wa soko. Ni uzito unaoifanya hisa ikue kwa kasi ya riba tu. Kabla ya kuendelea hakikisha p iko kati ya 0 na 1. Bei ikiwa inayumba kidogo, riba ikiwa juu na hatua zikiwa ndefu, riba ya hatua moja inaweza kuzidi hata tawi la kupanda. Hapo p inapita 1 na mti mzima haufai. Dawa ni kuongeza idadi ya hatua.

Naanzia mwisho. Baada ya hatua ya nne hisa inaweza kuwa 146.41, 121, 100, 82.64 au 68.30, na opsheni inalipa 0, 0, 0, 17.36 na 31.70. Kisha narudi nyuma hatua moja moja. Katika kila nodi nina namba mbili: thamani ya kusubiri, ambayo ni wastani wa nodi mbili zinazofuata kwa uzito wa p, ukigawanywa kwa 1.01, na thamani ya papo hapo, yaani 100 kutoa bei ya hisa. Inayobaki kwenye nodi ni ile kubwa, na ndiyo inayobebwa kwenda nyuma.

Hatua ya tatu, hisa ikiwa 90.91, kusubiri kuna thamani ya 8.10 na kutekeleza kunalipa 9.09. Tekeleza. Ikiwa 75.13, kusubiri ni 23.88 na kutekeleza ni 24.87. Tekeleza pia. Hatua ya pili, kwenye 82.64, ni 16.37 dhidi ya 17.36, na kutekeleza kunashinda tena. Kwenye 100 hakuna cha kutekeleza, na opsheni ina thamani ya 4.24.

Hatua ya kwanza ndiyo inayonivutia. Hisa ikiwa 90.91, bei ileile iliyotufanya tutekeleze katika hatua ya tatu, kusubiri sasa kuna thamani ya 10.32 na kutekeleza kunalipa 9.09 tu. Hapa tunasubiri. Nodi ya 110 ina 1.98, na mwanzoni kabisa bei inatoka 5.85. Ukiupitia mti huohuo bila ruhusa ya kutekeleza mapema unapata 5.20, kwa hiyo haki hiyo peke yake ina thamani ya senti 65 hivi.

Kwa nini bei moja ya hisa itoe maamuzi mawili? Angalia tofauti kati ya kutekeleza na kusubiri katika zile nodi tatu tulizotekeleza: kila moja ni 0.99. Hiyo ni riba ya hatua moja juu ya dola 100, ikiletwa kwa thamani ya leo: 100 − 100/1.01. Anayetekeleza anapata fedha yake sasa badala ya miezi mitatu baadaye, na hiyo ndiyo faida yake pekee. Anachopoteza ni kinga: hisa ikipanda, mwenye opsheni hadaiwi kitu. Kwenye 90.91 ya hatua ya tatu kinga hiyo imekwisha, kwa sababu tawi la juu linaishia kwenye 100 kamili na opsheni inakufa hapo bila thamani. Katika hatua ya kwanza tawi la juu linaenda kwenye 100 ambapo opsheni bado ina 4.24. Zidisha kwa 0.5286, gawanya kwa 1.01, unapata 2.22. Toa riba ya 0.99, inabaki 1.23, ambayo ndiyo hasa tofauti ya 10.32 na 9.09.

Kwa hiyo ninapokagua mti wa mtu mwingine, natafuta nodi ya kutekeleza ambayo watoto wake wote wawili ni wa kutekeleza. Tofauti pale lazima iwe riba ya hatua moja, si zaidi wala pungufu. Isipolingana, mara nyingi mtu amesahau kugawanya kwa 1.01, au ameujenga kwanza mti wa Kiulaya wote kisha akachukua namba kubwa katika kila nodi baadaye. Kosa hili la pili ni la kificho: namba za chini zinaonekana sawa, lakini faida ya kutekeleza haifiki mwanzoni, na bei inabaki 5.20.

Hatua zikiwa nyingi nautumia msimbo huu:

```python
import numpy as np
S, K, R, u, n = 100, 100, 1.01, 1.1, 4
d = 1/u
p = (R - d)/(u - d)
V = np.maximum(K - S*u**np.arange(n, -n-1, -2.0), 0)
for i in range(n-1, -1, -1):
    bei = S*u**np.arange(i, -i-1, -2.0)
    subiri = (p*V[:-1] + (1-p)*V[1:])/R
    papo = np.maximum(K - bei, 0)
    print(i, bei[papo > subiri + 1e-9])
    V = np.maximum(papo, subiri)
print(V[0])
```

Ile `1e-9` ina kazi yake. Ukiandika `papo >= subiri`, nodi za juu zenye sifuri pande zote mbili zitaorodheshwa kama za kutekeleza, na orodha itakudanganya ingawa bei itabaki sahihi. Jaribio jingine la haraka: weka `R = 1`. Bila riba hakuna faida ya kuwahi, kwa hiyo orodha zote zitoke tupu.

Gawio linabadilisha hesabu kwa njia inayotabirika. Tuseme katika mfano wetu hisa inalipa gawio la dola D mwishoni mwa hatua inayofuata, na bei yake inashuka kwa kiasi hicho. Anayesubiri anapoteza riba ya dola 1 lakini anafaidi mshuko wa D. D ikizidi dola 1, hakuna nodi ya hatua hiyo inayostahili kutekelezwa, hata hisa iwe imeanguka kiasi gani. Subiri gawio lipite kwanza, kisha ulinganishe upya.