Siku yangu moja na komenti za "inawasha friji?"

Saa 1 asubuhi

Ninaendesha kurasa za biashara za watu, na leo ni zamu ya duka la vifaa vya sola lililoko Kariakoo. Siku nyingine zote huwa najibu komenti. Leo sijibu, nazisoma tu. Bosi wa duka anataka kulipia tangazo jipya na ameuliza swali zuri: tunaongea na nani hasa? Anataka wateja wa mfano watatu au wanne, yaani picha ya mtu anayewakilisha kundi la wateja, kila mmoja kwenye ukurasa mmoja, ili anayeandika posti na anayepokea simu wawe wanamfikiria mtu mmoja.

Ninafungua Meta Business Suite, ambako komenti za Facebook na Instagram zinakaa pamoja, kisha ninanakili za miezi mitatu kwenye jedwali, moja baada ya nyingine. Zipo njia za kuzivuta zote kwa mkupuo, lakini kwa ukurasa wa ukubwa huu kunakili kwa mkono ndiko kusoma kwenyewe. Safu zangu ni chache: maneno yalivyoandikwa, posti iliyohusika, tarehe, kama ni swali au lalamiko, na safu ya mwisho inayoitwa "anataka kufanya nini". Majina siyaweki. Kila mtu nampa herufi na namba, na simu ambazo watu huziacha hadharani nazifuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika Tanzania tangu Mei 2023, na kwa kazi hii jina la mtu halinisaidii chochote. Herufi inatosha kunionyesha kwamba aliyeuliza mara nane ni mtu mmoja, siyo wanane.

Maneno sirekebishi. Aliyeandika "flij" abaki na "flij" yake.

Saa 3

Kusafisha. Walioita rafiki zao, wanaouza mikopo na wanaoweka vikopa tu wanatoka. Kisha inakuja komenti inayoongoza kila ukurasa wa biashara nchini: "Bei?" Ukihesabu kijuujuu utasema mteja wetu mkuu ni mtu wa bei. Siyo kweli. Watu wanauliza bei kwa sababu bosi hataki iandikwe, anasema njoo inboksi. Swali hilo limezaliwa na posti yetu wenyewe, na linaulizwa na mwenye saluni, mwalimu na mtu aliyeko Muscat anayemjengea mama yake. Halitenganishi mtu na mtu. Ninalihamishia kwenye karatasi ya pembeni ya mambo ya kurekebisha.

"Mwanza mnatuma?" nayo imejaa mwezi mmoja, kisha ikapotea. Nikaangalia kumbukumbu za matangazo: mwezi ule tangazo lilielekezwa Kanda ya Ziwa. Kwa hiyo wingi ule unaonyesha pesa yetu ilikwenda wapi, siyo kwamba wateja wa sola wamehamia Mwanza. Ndiyo maana nina sharti moja kabla sijaliamini swali: liulizwe na watu watano tofauti, chini ya posti tatu tofauti, na angalau moja ya posti hizo isiwe imelipiwa.

Saa 4 na nusu

Swali lililopita kwenye chujio hilo kwa kishindo ni "Inawasha friji?" Lipo chini ya posti ya taa, chini ya posti ya TV, hata chini ya posti ya salamu za Idi. Kishawishi ni kuchora mteja mmoja, "mtu wa friji". Lakini safu yangu ya mwisho inakataa kujazika kwa jibu moja. Ninarudi kusoma maneno yaliyozunguka swali.

Wapo wanaoandika "friji ya soda", "nina kiduka", "huku nguzo hazijafika". Wapo wanaoandika "wazee wako kijijini", "nitamtuma fundi au mnafunga wenyewe?" Na wapo wanaosema "umeme ukikatika nyama inaharibika". Hawa wa tatu wana Luku ukutani. Hawahitaji hata paneli. Wanahitaji inveta na betri inayojichaji umeme ukiwepo. Swali moja, watu watatu, na kila mmoja anastahili jibu lake. Sisi tumekuwa tukiwajibu wote: "Ndiyo boss, njoo inboksi."

Hapa ndipo wateja wengi wa mfano ninaowaona kwenye mawasilisho huwa vikaragosi. Mtu anaanza na umri na jinsia: "Mama Neema, miaka 34, anapenda familia." Komenti hazikumwambia umri. Zilimwambia kwamba mtu hana nguzo, ana soda za kupooza, na anaogopa kununua kitu kisichotosha. Ninachora kwa hali aliyonayo na kazi anayotaka ifanyike. Umri nauacha wazi mpaka nitakapokuwa na chanzo.

Saa 7 mchana

Malalamiko huwa nayasoma baada ya chakula, kwa makusudi, maana asubuhi yananiharibia hesabu: yana kelele, na mmoja mwenye hasira anaweza kuonekana kama kumi. Ninayagawa kwanza mafungu mawili. La kwanza ni la ambao hawakununua kwetu, wanaosema sola zote ni feki kwa sababu waliumizwa na paneli iliyoandikwa wati nyingi kuliko inazotoa. La pili ni la walionunua.

Kwenye fungu la pili limejirudia hili: betri imekufa mapema. Wanasema kwa namna mbalimbali, "haifiki saa 3 usiku", "miezi michache tu chali", "mchana inapiga kazi vizuri usiku giza". Kwa haraka ungeandika "mteja anayelalamikia ubora" ukapita. Ila swali linatoka kwa mtu kabla hajanunua na lalamiko linatoka baada ya kununua, kwa hiyo huwa napitisha herufi za walalamikaji kwenye safu ya maswali. Wawili wanajitokeza pande zote mbili. Miezi michache nyuma waliuliza kitu kimoja: "Inachaji simu ngapi kwa wakati mmoja?"

Swali hilo nilikuwa nimeliweka kwenye fungu la matumizi ya nyumbani. Nani ana simu ishirini nyumbani? Ninalichuja upya na kuwapata wenzao: "ina matundu mangapi ya chaja", "naweza kuongeza soketi", "kijijini kwetu watu wengi". Wanachaji simu za majirani kwa malipo. Wananunua seti ya nyumbani kwa sababu ndiyo ya bei nafuu, kisha wanaitumikisha kama mtambo wa biashara.

Saa 9

Kabla sijamwandika mtu huyu nataka kumsikia kwa watu wanaokutana naye. Daladala mpaka Kariakoo. Mama wa kaunta yupo dukani tangu lilipofunguliwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo umekuja mwenyewe?"

Ninamuuliza kuhusu watu wa simu. Hafikirii hata kidogo. "Hao wapo. Wanakuja na daftari, wanauliza soketi. Wakirudi, wamebeba betri begani." Kisha ananipa kitu ambacho komenti zisingenipa: wengi wao hawaandiki mtandaoni kabisa, wanaelekezwa na mwenzao aliyekwisha kununua. Ninaandika hilo. Komenti zinaonyesha wanaothubutu kuuliza hadharani, na ukimya wa wengine haumaanishi hawapo.

Fundi, aliyekuwa anafunga nyaya nyuma, ananifanyia hesabu kwenye boksi. Seti yetu ndogo ina paneli ya wati 100. Kwa jua zuri la muda wa saa tano kwa siku ingetoa wati-saa 500, lakini joto, vumbi na nyaya vikila chao zinabaki kama 350. Betri ni ya 12V, 50Ah, yaani wati-saa 600, na kwa kuwa ni ya risasi asidi hutakiwi kutoa zaidi ya nusu, kwa hiyo 300. Simu ya kisasa yenye betri ya 5000 mAh inakula kama wati-saa 25 ukijumlisha upotevu. Kitochi inakula kama 5. Simu kumi za kisasa kwa siku, 250. Baki ni kidogo mno kwa taa na redio. Simu ishirini, betri inakamuliwa mpaka chini kila siku, na betri ya risasi ikikamuliwa hivyo sahani zake hujaa chumvi ngumu na uwezo wake haurudi. "Siyo feki," anasema fundi. "Imeuzwa kwa mtu asiyekuwa wake."

Saa 10 na nusu

Kwenye benchi la duka naandika ukurasa wa kwanza. Juu ni hali, siyo jina la kubuni: *Mchajishaji wa kijijini*. Chini yake: anaishi pasipo na nguzo, anachaji simu za watu kwa malipo, anahesabu matundu kuliko wati, ananunua seti ndogo, anarudi na betri. Anachouliza kabla ya kununua nimenakili kwa maneno yake, komenti tatu bila kugusa herufi. Anacholalamikia baadaye, tatu nyingine. Kisha jibu la kumpa: swali la kwanza la muuzaji liwe "simu ngapi kwa siku, za kisasa au vitochi?" na asiuziwe seti ya wati 100 akisema zaidi ya chache. Mstari wa mwisho ni chanzo: imetoka kwenye komenti, kaunta na kwa fundi, haijathibitishwa kwa mahojiano. Alan Cooper, aliyeeneza mbinu hii ya wateja wa mfano miaka ya 1990, alianzia kwenye mazungumzo na watumiaji halisi. Mimi nina vipande vya sentensi, na msomaji wa ukurasa huu anapaswa kujua hivyo.

Wa pili ni mwenye kiduka cha soda, wa tatu ni mtoto anayewajengea wazazi. Hao wameandikika haraka, ushahidi upo mwingi.

Saa 12 jioni

Bosi anasoma akiwa amesimama. Anapenda wa tatu, maana analipa bila kuuliza sana. Kwa mchajishaji anakunja uso: "Kwa hiyo tumwambie asinunue?" Ninamwambia tumuuzie seti kubwa, au betri ya lithiamu inayovumilia kutolewa karibu yote, na tuandike kwenye posti idadi ya simu badala ya wati peke yake. Anakubali posti moja ya majaribio, haijalipiwa, yenye hesabu ya fundi na, baada ya mvutano, bei.

Nitakachoangalia ni kama "simu ngapi?" itapungua chini ya posti hiyo na kama simu zinazopigwa kaunta zitaanza kutaja idadi. Watu wa Luku na nyama nimewaacha bila ukurasa. Wapo wanne, wote chini ya posti moja iliyotoka wiki ya mgao wa umeme. Nimewawekea karatasi yao na safu tupu.