Kapsheni ya harusi ya kaka, na nani anamkaribisha nani

Kaka yangu alioa tena 2022, hapa hapa Dar, na mimi kwa vile kazi yangu ni kadi na mabango ya shughuli basi ukoo mzima ulishaamua chochote chenye maandishi ni changu. Kadi za mchango mimi, bango la ukumbini mimi, hadi maneno ya kwenye vikombe vya zawadi. Kwa hiyo Jumapili asubuhi wifi aliponipigia et wifi njoo utuwekee kapsheni kwenye ile picha ya familia niiposti, sikushangaa, nikajifunga kitenge nikaenda nikijua nakunywa supu narudi. Nilitoka pale giza limeshaingia.

Niwape hali ilivyokuwa. Kaka alikuwa mgane, mke wake wa kwanza aliugua akafariki, akaacha watoto wawili, wa kike N. ambaye alikuwa kidato cha pili na wa kiume B. darasa la nne (majina nayaficha, ni watoto). Wifi naye kaja na wake, J., darasa la sita, na huyu baba yake yupo hai mzima wa afya huko Mwanza, ada analipa, simu anapiga, ila na mama mtu walishaachana kitambo. Sasa ona mtego ulipo, maneno yale yale yanatakiwa yamfae mtoto ambaye mama yake yuko kaburini na mtoto ambaye baba yake yuko Insta na anamfuata mama yake huko huko.

Na jana yake ukumbini tulishaonja uchungu wa maneno. Mshereheshaji, sijui nani alimtuma, wakati wa keki akawaita watoto mbele akapaza sauti "leo watoto hawa wamepata mama!", vigelegele ukumbi mzima, wamama wamesimama na kanga zao juu. Mimi nilikuwa namwangalia N. Alitabasamu kwa ajili ya kamera halafu macho yakaenda moja kwa moja meza ya mbele alipokaa bibi yake, mama wa marehemu wifi, ambaye kaka alimwalika kwa heshima zote na akaja na gauni lake zuri la kitenge. Bibi naye alikuwa anapiga makofi, lakini taratibu. Hakuna aliyelia, hakuna aliyenuna, keki ililiwa, lakini mimi nilijua hilo neno likirudiwa kwenye maandishi litakaa pale miaka.

Basi nafika nakuta rafiki yake wifi, aliyekuwa matroni, ameshaandika ya kwake kwenye simu na anaisoma kwa sauti: "Hatimaye familia imekamilika! Mungu amenipa wanangu wapya bila uchungu wa kuzaa, asanteni malaika wangu kwa kunikubali, nawaahidi nitakuwa mama bora." Imesheheni mioyo na vikopakopa. Watu wakasema ooh nzuri. Na kweli kwa kusikia ni nzuri, ndo maana inaandikwa kila harusi ya namna hii, kwenye kadi nimeshaletewa nichape mara nyingi tu.

Nikamwomba wifi tukae jikoni, tukaanza kuichambua. Hiyo "imekamilika" kwanza, maana yake kabla ya jana ilikuwa pungufu, na waliokuwa kwenye hiyo pungufu ni N., B. na baba yao ambao miaka yote walikula, walisoma, walienda Krismasi kwa bibi, hawakuwa nusu ya kitu. "Wanangu wapya" nayo, wapya kwa nani, B. ana meno yake yote. "Bila uchungu wa kuzaa" ndo kabisa, uchungu yupo aliyeupata na mama yake atasoma hii kapsheni. Halafu kile kipande cha kushukuru kwa kunikubali, watu huwa hawakioni, lakini ukimshukuru mtoto hadharani kwa kukukubali umeshamfunga, kesho akikasirika kidogo tu kama watoto wote wanavyokasirika anaambiwa si ulimkubali wewe, mbona tulisoma. Wifi akacheka hapo, akasema na hiyo ahadi ya mama bora je, nikamwambia ahadi mpe baba yao, wao wape chapati.

Tukafuta yote. Ikabaki picha.

Picha yenyewe ilikuwa nzuri kwa sababu haikupangwa, wako watano nyuma ya keki, N. kashika kisu na mama J. mikono imepishana, B. kashikilia sahani kwa mikono miwili utadhani ni ya dhahabu, na J. mdomo umejaa, kaonja kabla hajaruhusiwa. Nikasema tuandike hicho hicho kinachoonekana. Ukiandika alichofanya mtoto, hapo huwi unamsemea moyo wake, kile kitu kakifanya kweli na picha ni shahidi. Na majina yawe mstari wa kwanza kabisa, kwa sababu Insta inaonyesha mistari kama miwili tu halafu inakata, mtu mpaka abonyeze ndo asome kilichobaki, na wengi hawabonyezi. Ukijaza mwanzo na "tunamshukuru Mungu, kamati, wazazi wa pande zote" watoto wanaangukia kule chini gizani.

Ila makaribisho ndo yalitushinda. Wifi alitaka neno "karibuni", alitaka watoto wahisi wamekaribishwa, na mimi nikaona hapo hapo kuna kitu hakikai sawa ila sikukikamata. Aliyekikamata ni N. Alikuwa anaingia kuchukua maji kwenye friji, akasikia, akauliza kwa ile sauti ya watoto wa umri ule: "Shangazi, anatukaribisha wapi?"

Kimya. Kwa sababu kweli, nyumba ile ya Mbezi ni yao. B. kajifunzia kutembea kwenye ile korido. Anayehamia ni mama J. na J., mabegi yao yalikuwa bado sebuleni hayajafunguliwa. Mgeni anawakaribishaje wenye nyumba? Wifi, na hapa ndo nilianza kumpenda kwa dhati, hakuona aibu wala hakujitetea, akavuta kiti akasema "N. kaa mama, basi tukaribisheni nyie."

N. akachukua simu. Akaita B. Wakaandika wakafuta, wakaitana majina, J. akaingizwa kwa sababu ilibidi athibitishe mambo ya kitanda, ni kitanda cha juu na chini, B. alishatangaza juu ni kwake tangu kabla ya mahari. Nikakaa pembeni, kazi yangu ikawa nukta na mkato tu. Wakafika kwenye suala la mama J. aitwe nani, nikaona wifi anashika pumzi. N. akaandika "Mama J." kama walivyokuwa wanamwita tangu mwanzo, ikaisha hivo. Na kaka akabaki "Anko" kwa upande wa J., jina la baba lina mwenyewe Mwanza na halijaombwa na mtu.

Nikauliza la mwisho, kwa upole, mama yao tumtaje? Nilidhani N. atasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akasema "ukimtaja watu wataandika pole." Mtoto wa kidato cha pili! Na ni kweli tupu, ukiweka marehemu kwenye kapsheni ya harusi komenti zote zinageuka msiba, pole sana, apumzike kwa amani, na maharusi wanabaki wamesimama katikati ya rambirambi na shela. Alichotaka yeye ni picha ya pili iwe ya bibi. Ile aliyokaa katikati, N. na B. huku na huku, mama J. kasimama nyuma ya kiti chake. Bila maneno yoyote. Anayejua ataelewa na asiyejua ataona bibi kapendeza.

Hii ndo ikatoka:

"N. kashika kisu, B. kashika sahani, J. alishaanza kula. Mama J. na J., karibuni kwetu. Chumba tumeshapanga, kitanda cha juu ni cha B. na hilo halijadiliwi. Anko kasema yeye hayumo. Tumeandika sisi watatu."

Wifi aliisoma akaenda chumbani kidogo, akarudi macho yamevimba, akaposti. Tukamsomea bibi kwa simu kwanza lakini, hilo nilisisitiza, pamoja na kumtajia picha yake kuwa ni ya pili. Na J. alimtumia baba yake meseji mwenyewe kabla haijapanda, kwa sababu kuambiwa na mtoto wako ni kitu kingine na kukutana nayo saa nne usiku ukiwa unaperuzi ni kitu kingine.

Sasa nilichokuwa nakiogopa ni komenti, maana kapsheni unaidhibiti ila midomo ya watu huwezi kuidhibiti. Wifi akafanya ujanja mmoja, komenti ya kwanza kaandika yeye, "nimekuja na shuka za kitanda cha chini, sina neno". Yaani watu walifuata hapo hapo kama kondoo. Mjomba anauliza B. ukianguka usiku je, kamati wanadai kitanda cha tatu wachangishe, mwalimu wa J. anasema huyo J. kula kabla ya muda hata shuleni ndo zake. Kuna mama mmoja wa upande wetu aliingia na "hongereni watoto kwa kupata mama mpya", ikakaa pale bila kujibiwa, ikazama chini ya mambo ya kitanda. Sikuifuta wala sikumpigia simu, angeona tumemvunjia heshima tukapata ugomvi bure. Baba J. naye aliandika neno moja tu kwa mwanae, sio kwenye posti, kwenye meseji: "Chini ni salama zaidi, kubali."

Wiki zilizofuata mteja mmoja wa kadi aliiona, akaja dukani kaishikilia kwenye simu, anaolewa na mwanaume mwenye mabinti wawili, anataka nimwekee ile ile nibadilishe majina tu. Nikamwambia kaa kwanza. Nikamuuliza wewe unahamia kwake au wao wanahamia kwako? Akasema tunapanga nyumba mpya, wote tunahamia. Nikamwambia basi hapo hakuna wa kumkaribisha mwenzie, nenda nyumbani ukawaulize mabinti nani kachagua chumba kipi, ukija kesho njoo nao.