Nilivyozidisha polinomia ndefu kwa mizizi ya 1

Nilikuwa na polinomia mbili, kila moja ina vizigeu 100,000, na nilitaka vizigeu vyote vya zao lake. Kwa njia ya shuleni, kila kizigeu cha ya kwanza kinazidishwa na kila kizigeu cha ya pili, kwa hiyo kazi ni mara bilioni kumi. Hapo hata ukiboresha programu namna gani, hutafika mbali. Ilibidi nibadili njia yenyewe.

Njia niliyoifuata haizidishi vizigeu kabisa. Inakokotoa thamani za polinomia zote mbili katika pointi zilezile, inazidisha thamani hizo moja kwa moja, kisha inarudi kwenye vizigeu. Kuzidisha thamani ni rahisi. Kazi iko katika kwenda na kurudi, na hapo ndipo uchaguzi wa pointi unapookoa kila kitu. Tukichukua mizizi ya 1, yaani namba ambazo zikipandishwa kwa kipeo cha n zinatoa 1, na n yenyewe ikiwa kipeo cha 2, basi kila mzizi w una mwenzake -w, na wote wawili wana mraba mmoja. Nikigawa polinomia kuwa A(x) = E(x²) + x·O(x²), ambapo E imebeba vizigeu vya nafasi shufwa na O vya nafasi witiri, pointi n zinabaki n/2 kwa kila nusu. Nusu hizo nazo zinagawanywa vilevile, mpaka kibaki kizigeu kimoja kimoja.

Kabla ya kuandika programu nilifanya mfano kwa kalamu: A = 1 + 2x na B = 3 + x + 2x², pointi zikiwa 1, i, -1 na -i. Thamani za A ni 3, 1+2i, -1, 1-2i. Za B ni 6, 1+i, 4, 1-i. Mazao yake ni 18, -1+3i, -4, -1-3i. Kurudi ni kazi ileile kwa mizizi iliyogeuzwa, kisha kugawa kwa 4. Kizigeu cha kwanza ni jumla ya thamani hizo nne, 12, ukigawa kwa 4 unapata 3. Ukimaliza vyote, jibu ni 3 + 7x + 4x² + 4x³.

Kwenye kazi yenyewe niliziacha namba changamano. Vizigeu vyangu vilikaribia bilioni moja, kwa hiyo kizigeu kimoja cha zao kingeweza kufika 10²³, wakati namba ya desimali ya biti 64 inashika tarakimu 16 hivi tu. Jibu langu lilitakiwa kama baki baada ya kugawa kwa namba tasa p = 998244353, na namba hiyo ni 119·2²³ + 1. Kwa sababu hiyo, humo ndani kuna mizizi ya 1 kwa kila n iliyo kipeo cha 2 hadi 2²³, na w = 3^((p-1)/n) ndiyo ninayoitumia. Kila hatua inabaki namba kamili, hakuna kukadiria.

```python
def geuza(a, w, p):
    n = len(a)
    if n == 1:
        return a
    e = geuza(a[0::2], w*w % p, p)
    o = geuza(a[1::2], w*w % p, p)
    y, z = [0]*n, 1
    for k in range(n//2):
        t = z*o[k] % p
        y[k] = (e[k] + t) % p
        y[k+n//2] = (e[k] - t) % p
        z = z*w % p
    return y
```

Zao lina vizigeu 199,999, hivyo nilijaza sifuri hadi 262,144, ambayo ni 2¹⁸. Kuna ngazi 18 za kugawa, na kila ngazi ina mazidisho 131,072 ya `z*o[k]`. Mageuzo ni matatu: A, B, na la kurudi. Jumla ni kama milioni saba, ukilinganisha na zile bilioni kumi.

Ukubwa huo wa n haukupunguzwa hata kidogo, maana katika mizizi hiyo xⁿ ni sawa na 1. Kizigeu kinachozidi nafasi hakipotei, kinarudi mwanzoni na kujumlishwa na kilichopo. Ongeza 5x³ kwenye B ya juu, ubaki na n = 4: zao sahihi ni 3 + 7x + 4x² + 9x³ + 10x⁴, lakini utapewa 13 + 7x + 4x² + 9x³. Watu wengi huhakiki kwa kujumlisha vizigeu. Hapa 3 × 11 ni 33, na jibu bovu nalo linajumlika 33! Ni lazima iwe hivyo, kwa kuwa kujumlisha ni kuweka x = 1, na 1 yenyewe ni mmoja wa mizizi. Mimi huweka x = 2: A inatoa 5, B inatoa 53, zao linapaswa kuwa 265, na lile jibu bovu linatoa 115. Kwenye polinomia ndefu hesabu hiyo huifanya kwa baki ya 998244353, na haichukui zaidi ya kupitia kila kizigeu mara moja.