Nilivyothibitisha kuwa kilele cha 32 keV si kelele za mashine

Kwanza niondoe dukuduku. Kila niliyemwonyesha spektra ya Cs-137, yaani mchoro wa nishati za mionzi ya seziamu, niliyoipima kwenye maabara yetu hapa Unguja, alikuwa na jibu lake kuhusu kile kilele kifupi cha kushoto kabisa, pale penye 32 keV, keV ikiwa ni kipimo cha nishati. Mmoja alisema ni kelele za mashine. Mwengine akasema ni risasi ya kinga inatoa eksirei. Maalim mmoja ninayemheshimu, msomi wa siku nyingi, akaniambia: "Pandisha kizingiti cha mashine, kitaondoka, wewe endelea na kazi." Kweli, ukipandisha kizingiti mashine haihesabu kilicho chini yake, na kilele kinaondoka. Na mwizi ukifumba macho humwoni.

Hayo majibu mawili ya mwanzo yanaanguka bila jasho. Kelele za umeme hazina kilele. Zinapanda tu kadiri unavyokwenda kushoto, na zipo hata ukiondoa chanzo. Changu kilikuwa na kichwa na mabega, na nikiondoa chanzo kinatoweka. Risasi nayo eksirei zake kuu ziko karibu na 75 keV, mbali kabisa. Ugomvi wa kweli ulikuwa mwengine: nilisema kile kilele kinatoka kwenye bariamu, wakati kiini chake kinapotulia bila kutoa gama. Maalim akacheka. "Gama iko pale 662, unaiona kwa macho yako. Sasa hii ya kutotoa gama unaitoa wapi?"

Habari yenyewe iko hivi. Cs-137 inatoa beta na kugeuka bariamu, lakini mara nyingi mno, karibu 94 katika 100, bariamu hiyo haizaliwi ikiwa imetulia. Inabaki juu na nishati ya 662 keV mkononi. Kiini cha kawaida kilichosisimka hutupa nishati yake kwa gama kufumba na kufumbua, ndani ya sehemu ya trilioni ya sekunde au karibu na hapo. Hiki kinakaa. Nusu-maisha yake ni dakika 2.55, ndiyo maana kikapewa herufi m, Ba-137m, yaani isomeri. Sababu ya kuchelewa ni mzunguko wa ndani wa kiini: kikiwa juu kina spini ya 11/2, chini kabisa kina 3/2. Gama inayotoka lazima iondoke na tofauti hiyo yote, vipande vinne, na gama ya namna hiyo ni nzito kutoka. Mkemia Otto Hahn alikutana na isomeri ya mwanzo mwaka 1921, na ilimpasa asubiri mpaka 1936 ndipo mwanafizikia Weizsäcker aeleze kuwa ni spini inayokizuia kiini.

Sasa kiini kikikwama hivyo, njia ya pili inapata nafasi. Elektroni za ndani kabisa za atomu hupita mle mle kwenye kiini, na kiini kinaweza kuikabidhi mojawapo nishati yote moja kwa moja, ikarushwa nje. Huku ndiko kubadilisha kwa ndani. Watu wengi hapa hutunga kisa kwamba gama inatoka kwanza, halafu njiani inaigonga elektroni ya atomu yake. Sivyo. Gama haizaliwi kabisa. Yapo mageuzi ya kiini yasiyoweza kutoa gama moja hata kidogo, kutoka spini sifuri kwenda spini sifuri, na bado elektroni zinatoka. Zingekuwa zinagongwa na nini?

Elektroni ya ganda la K, lile la ndani kabisa, ikirushwa inaacha pengo, elektroni ya juu inashuka kuliziba, na bariamu inatoa eksirei ya karibu 32 keV. Hicho ndicho kilele changu. Kusema ni rahisi, kazi ni kumthibitishia mtu mwenye kucheka.

Ukitumia chanzo kilichofungwa, kile kidude cha plastiki cha duara, huthibitishi kitu. Seziamu na bariamu zimo humo pamoja, na vilele vyote viwili vinabaki vile vile kwa miaka. Mtu atakwambia eksirei inatoka pale seziamu inapotoa beta, nawe huna la kumjibu. Dawa ni kuzitenganisha. Kuna jenereta ndogo ya kufundishia, kigae cha plastiki chenye seziamu iliyoshikwa ndani. Unapitisha maji ya chumvi yenye asidi hafifu ya hidrokloriki kwa sindano isiyo na ncha, na bariamu peke yake inatoka na matone. Sisi tunasema kuikamua. Kuipata na vibali vyake usiniulize, ilikwenda fedha, simu na boti za kwenda na kurudi Dar, na mwisho tuliazimwa tu.

Siku ya kukamua, fundi wa maabara akaleta kisahani cha chuma cha pua. "Vitu vya mionzi vinawekwa kwenye chuma, bwana, siyo vya kuchezea." Kigunduzi chetu, fuwele ya iodidi ya sodiamu, kinatazama juu, kwa hiyo kisahani kikakaa juu yake na matone ndani. Tukaanza kuhesabu. Kilele cha 662 kikasimama kama mlingoti, kikashuka dakika baada ya dakika kama kilivyotakiwa. Kushoto, patupu. Maalim alikuwapo, na sitaisahau sauti yake: "Unaona? Umeondoa seziamu, na kelele zako zimeondoka." Wenzangu wakaanza kukusanya madaftari.

Nikakigeuza kile kisahani mkononi. Unene wake ulikuwa kama nusu milimita. Chuma cha nusu milimita gama ya 662 inakipita kama hakipo, lakini eksirei ya 32 keV zaidi ya tisa katika kumi zinafia humo humo. Mionzi yetu yote ilikuwa inapita kwenye kitako cha kisahani ndipo ifike kwenye fuwele! Nikaokota kifuniko cha plastiki cha chupa ya maji, nikakisafisha, tukasubiri zaidi ya dakika kumi bariamu ijijaze tena kwenye jenereta, tukakamua upya. Kilele cha 32 kikaja kimejaa, mbele ya maalim, kutoka kwenye matone yasiyo na seziamu.

Hakukubali, na hapa namvulia kofia, maana pingamizi lake safari hii lilikuwa la mtu anayejua. Alisema gama ya 662 ikiingia kwenye fuwele mara nyingi haiachi nishati yote, inaacha kidogo na kutoka, na hizo hesabu za vipande zinatapakaa mpaka chini kabisa, hata kwenye dirisha la 32, yaani kile kipande cha spektra tulichokuwa tunakihesabu. Nazo zinapungua kwa nusu-maisha ile ile ya dakika 2.55. Basi kupungua kwa dirisha hilo kunathibitisha nini? Kilele kiwepo au kisiwepo, dirisha litashuka vile vile.

Usiku ule nilitafuta namna ya kuzizima eksirei peke yake bila kugusa gama, na kitu chenyewe kilikuwa Mji Mkongwe. Wanaotengeneza masanduku ya Kizanzibari hubakiwa na vipande vya bati la shaba la kupambia. Nilikipata kimoja kwa bei ya chai na maandazi, nikakikunja mpaka kikafika kama nusu milimita. Hesabu inasema shaba ya unene huo inapitisha eksirei za 32 keV mbili hivi kati ya mia, na inaila gama ya 662 kama sehemu tatu kati ya mia tu. Kisha nikakata boksi la simu, nikatengeneza kijimeza chenye mfereji chini yake, ili shaba iingie na kutoka kifuniko kisisogee hata unywele. Ukikiinua kifuniko na kukirudisha, umbali unabadilika na hesabu zinaharibika, hilo angalia sana.

Tukakamua. Nusu dakika bila shaba, nusu dakika na shaba, tena bila, tena na. Kwa kuwa bariamu inazidi kufa, kila hesabu yenye shaba nililinganisha na wastani wa zile mbili za jirani zisizo na shaba. Kinachobaki ukitoa ni eksirei tupu, vile vipande vya gama vimejikata vyenyewe. Tofauti hiyo nikaichora: ikashuka kwa dakika mbili na nusu hivi, sambamba na mstari wa 662. Mtoto mmoja wa kidato cha sita akasema kabla yangu, "Maalim, saa yao ni moja." Isomeri moja, njia mbili za kutulia, kwa hiyo saa moja.

Halafu nikataka kujua njia ya pili inashinda mara ngapi. Kila hesabu 10,000 kwenye kilele cha 662 nilipata karibu 2,900 za eksirei, na hapa wengi hudanganyika wakadhani kubadilisha kwa ndani ni karibu theluthi. Fuwele yetu inashika kikamilifu kama robo tu ya gama zinazoifikia, lakini eksirei inashika karibu zote, ukiacha sehemu 13 kati ya mia zinazofia kwenye kava lake la alumini. Basi gama za kweli ni 40,000, eksirei za kweli kama 3,300. Na si kila pengo la K linatoa eksirei. Kwa bariamu ni tisa katika kumi, yanayobaki yanarusha elektroni nyengine. Kwa hiyo mapengo ni kama 3,700 kwa gama 40,000, yaani 0.09. Ndicho kiasi kilichomo kwenye majedwali kwa ganda la K. Ukijumlisha na maganda ya juu inafika 0.11. Sijidai sana, maana ile robo niliisoma kwenye grafu ya kigunduzi, na ikikosewa kidogo jibu zima linayumba nayo.

Elektroni zenyewe zilizorushwa, za 624 keV kutoka K, hatukuziona. Zinapoteza nishati kwenye maji ya tone na kwenye lile kava kabla ya kufika, haziwezi kutoa kilele safi. Kuziona kunataka kigunduzi cha silikoni na tone lililokaushwa likawa utando, na utando huo ukaushwe haraka, dakika mbili na nusu hazimsubiri mtu.

Kila mkamuo, kabla ya kumwaga, niliacha kifuniko nusu saa kisha nikakihesabu tena. Bariamu kwa muda huo imebaki chini ya sehemu moja katika elfu tatu. Kama 662 bado ipo, ujue seziamu imevuja kwenye jenereta, na mkamuo huo matokeo yake yatupwe, na maji yake yasimwagwe ovyo. Sisi tulikuta patupu. Maalim aliomba kile kipande cha shaba akafundishie kwake. Nikamwambia akanunue chake.